Wimbo Unapopata Macho

Juma hili tunawaletea habari ya muziki, lakini tutaanzia uani kwetu, kwa sababu hapo ndipo swali lilipozaliwa.

Wengi wenu mnaujua ule wimbo wa mafuriko ambao kikundi chetu kimekuwa kikiimba tangu Aprili 2020, mito iliposhuka kutoka milimani usiku na kubeba nyumba, mbuzi, sufuria na watu. Katika ubeti wa tatu kuna jirani mmoja mzee aliyebaki ndani wakati wengine walikimbia. Tumeuimba wimbo huo katika matanga, kanisani na katika sikukuu ya wanawake. Kila mara watu walilia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kwa nini yule mzee alibaki.

Kisha tukaamua kuufanya mchezo. Tulitafuta kanga, ndoo, mtoto wa kubeba mgongoni, na shuka la buluu la kuwa maji. Siku ya mazoezi ya kwanza tukafika kwenye ubeti wa tatu, na hapo mambo yakakwama. Ili jirani abaki, lazima kuwe na mtu anayepita mbele ya mlango wake bila kubisha hodi. Nani atakuwa mtu huyo? Mmoja akakataa, wa pili akakataa. Wa tatu akasema kwa sauti ya chini kwamba kila mtu hapa anajua nyumba gani ilikuwa karibu na mlango ule. Macho yote yakageukia upande mmoja. Mama mmoja akachukua ndoo yake akaenda nyumbani.

Sisi tunaoandika ukurasa huu ni watu wa ubao na chaki, si wanamuziki. Lakini jioni ile tulikumbuka kwamba watu wengine, mbali sana na hapa, walikwama mahali palepale. Habari yao inafaa kusimuliwa, kwa sababu inaonyesha kinachotokea hadithi inapotoka kwenye masikio na kuingia kwenye macho.

Hadithi ndani ya sahani

Wazee wetu walisikiliza rumba kwenye sahani ndogo za gramafoni. Upande mmoja wa sahani hizo ulibeba dakika chache tu. Ndiyo maana nyimbo nyingi za zamani zilikatwa vipande viwili: unasikiliza nusu, unageuza sahani, unasikiliza nusu nyingine. Katika nafasi hiyo unaweza kulilia mpenzi au kumsifu mtu, lakini kusimulia hadithi ndefu ni vigumu.

Sahani kubwa zilipokuja, upande mmoja ukaweza kubeba dakika 20 na zaidi. Hapo Franco Luambo na TPOK Jazz wakapata nafasi ya kukaa na jambo moja mpaka liishe. Mfano ambao mama yeyote wa Kongo anaujua ni "Mario" wa mwaka 1985. Kijana mwenye masomo anaishi kwa mama mwenye umri na pesa, anakula vyake, anavaa vyake, na bado anamsumbua. Wimbo unaenda zaidi ya dakika kumi. Madilu anaimba, Franco anazungumza kama mtu aliyeketi kwenye kiti uani kwako, na hadithi inasonga kama shauri linalosikilizwa na wazee.

Sasa tuangalie jambo moja dogo. Katika "Mario" hatuoni sura ya yule mama. Hatujui nyumba yake iko mtaa gani, wala watoto wake wa kwanza wanasema nini. Hilo halitusumbui hata kidogo. Kila msikilizaji anamvika yule mama sura ya mtu anayemjua, na kila mtaa una Mario wake. Nguvu ya wimbo iko hapohapo: anayeimba anatoa nusu, na anayesikiliza anajaza nusu nyingine kimya kimya, bila kumtaja mtu.

Wimbo wetu wa mafuriko ulikuwa hivyo. Kila mtu alijaza mwenyewe lile pengo la ubeti wa tatu.

Opera ya roki: wimbo mmoja haukutosha

Miaka kumi na sita kabla ya "Mario", vijana wanne wa Uingereza wenye bendi iliyoitwa The Who walitaka hadithi ndefu kuliko upande mmoja wa sahani. Mwaka 1969 walitoa sahani mbili kubwa kwa pamoja, pande nne, dakika zipatazo 75, zote zikiwa hadithi moja ya mtoto aitwaye Tommy. Sehemu kubwa ilitungwa na mpiga gitaa wao, Pete Townshend. Watu wakaiita opera ya roki. Opera ni mchezo ambao karibu kila neno linaimbwa, na roki ni ule muziki wa magitaa makali ya umeme. Kabla ya hapo opera ilikuwa mali ya majumba makubwa na watu waliovaa suti.

Hadithi yenyewe inaanzia mahali ambapo wamama wa sehemu zetu hawahitaji kuelezwa. Baba amekwenda vitani. Habari inakuja kwamba amepotea, na watu wanaamini amekufa. Mama anajifungua mtoto wa kiume peke yake. Miaka inapita, mwanamume mwingine anaingia nyumbani. Kisha siku moja yule aliyehesabiwa kuwa marehemu anafungua mlango.

Ndani ya chumba kile mtu mmoja anauawa, na mtoto anaona yote katika kioo. Wakubwa wanamgeukia na kumwambia kwamba hakuona kitu, hakusikia kitu, na hatasema kitu maisha yake yote. Mtoto anatii kuliko walivyotaka. Anakuwa kipofu, kiziwi na bubu, ingawa macho, masikio na ulimi wake ni vizima. Kwa kuwa hawezi kushtaki, ndugu mmoja mkubwa anamtesa na mjomba anamchafua. Wazazi wanazunguka naye kwa waganga na madaktari. Mwishoni mama mwenyewe, kwa hasira, anavunja kile kioo, na mtoto anafunguka. Watu wanamgeuza nabii, yeye anakubali, anaanza kuwaamuru, nao wanamkataa.

Lakini sahani haisemi waziwazi nani alimwua nani. Katika wimbo unaohusu usiku ule kuna sauti za wakubwa, kuna hofu, kuna mtoto aliyeona, basi. Townshend mwenyewe alieleza kwamba baba alirudi na kumwua yule mwanamume mwingine. Lakini mtu anayesikiliza nyumbani bila maelezo hayo anaweza kupita pale bila kuwa na hakika. Tena waimbaji ni wachache, na sauti ileile inaweza kuwa ya baba sasa na ya mtu mwingine baadaye. Sikio linasamehe. Linangoja ubeti unaofuata.

Filamu iliulizwa nani alishika taa

Mwaka 1975 mwongozaji Ken Russell aliitengeneza hadithi ile kuwa filamu. Aliacha watu waimbe tangu mwanzo hadi mwisho, karibu bila maneno ya kuzungumza. Mwimbaji wa bendi, Roger Daltrey, akawa Tommy mkubwa, Ann-Margret akawa mama, na Tina Turner akawa mmoja wa wale wanaoitwa kumponya mtoto.

Alipofika kwenye chumba cha usiku ule, Russell alikutana na tatizo letu la ubeti wa tatu. Kamera haiwezi kusema kwamba mtu fulani aliuawa na mtu fulani. Lazima mkono mmoja uonekane ukipiga na kichwa kimoja kionekane kikianguka. Russell akachagua kinyume cha maelezo ya Townshend: katika filamu, mpenzi wa mama ndiye anayemwua baba aliyerudi.

Tukae kidogo na mabadiliko haya, maana yanaonekana madogo na kumbe yamegeuza nyumba nzima. Katika maelezo ya kwanza, mama anabaki na mumewe wa halali, ambaye sasa ana damu mikononi. Katika filamu, mama anaendelea kulala kitanda kimoja na mtu aliyemwua baba wa mtoto wake. Mtoto yuleyule, kioo kilekile, maneno yaleyale ya kumnyamazisha, lakini mama si yuleyule tena. Wa kwanza anamficha mumewe. Wa pili anamficha muuaji wa mumewe. Mwigizaji anayecheza mama lazima ajue ni yupi kati ya hao wawili kabla ya kufungua kinywa, kwa sababu uso wake utaonekana mkubwa kama ukuta wa kanisa.

Hata mwaka ulibidi uhame. Kwenye sahani, baba anarudi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka unaoimbwa ni 1921. Filamu ikapeleka mambo yote baada ya Vita vya Pili, na mwaka unaoimbwa ukawa 1951. Msikilizaji wa sahani hahitaji kujua magari ya mwaka 1921 yalikuwaje. Filamu haina njia ya kukwepa hilo, kwa kuwa kila gauni na kila taa ya mezani ni ya mwaka fulani.

Jukwaa likachagua tena

Mwaka 1993 Tommy ilifika Broadway, ile sehemu ya New York yenye majumba makubwa ya michezo. Townshend alishirikiana na mwongozaji Des McAnuff, na mwaka mmoja kabla walikuwa wameijaribu Kalifonia. Sasa walikuwa na sahani upande mmoja na filamu upande wa pili, nao wakachukua kutoka kote. Vita vikabaki vile vya pili, kama kwenye filamu. Lakini muuaji akawa tena baba, kama Townshend alivyokusudia mwanzo.

Kisha wakabadilisha mwisho. Kwenye sahani, wafuasi wanamkataa Tommy naye anabaki na nafsi yake. Katika filamu, fujo za wafuasi zinawaua mama na yule mwanamume, na Tommy anakimbia peke yake hadi mlimani. Jukwaani, wafuasi wanaondoka, na Tommy anarudi kwa watu wa nyumbani kwake, walewale waliomnyamazisha na kumtesa, na kuwakumbatia. Wengine waliupenda mwisho huo, wengine walisema umelainishwa mno.

Sisi tunaona sababu moja iliyo katika jukwaa lenyewe. Mtu aliye nyumbani na sahani anaweza kubaki na huzuni yake. Mtu aliyeketi gizani saa mbili pamoja na mamia ya wengine amewaona baba, mama na mjomba wakitembea mbele yake kwa miili yao. Anataka kujua nyumba ile itaishije kesho asubuhi. Jukwaa linauliza habari za familia, kwa sababu familia imesimama pale pale.

Kwa hiyo hadithi moja ina miisho mitatu na wauaji wawili. Nyimbo kwa sehemu kubwa ni zilezile. Kilichobadilika ni kile ambacho nyimbo zilikuwa zimeacha wazi.

Njia ya Kongo: kutoka bendi moja kwa moja hadi filamu

Mtu atauliza, na sisi Wakongo, wenye muziki unaochezwa Afrika nzima, tulikuwa wapi? Tulikuwa na hadithi ndani ya nyimbo na tulikuwa na bendi zenye watu ishirini. Tulichokosa ni jumba ambalo linaweza kulipa waimbaji, wachezaji na wapiga vyombo wale wale kila usiku kwa miezi mingi, huku watu wakinunua tiketi ya mchezo mmoja. Kinshasa ilikuwa na baa na uwanja wa dansi, ambako watu wanakuja kucheza, na mtu anayecheza hakai kimya saa mbili kufuata mambo ya ndoa ya mtu mwingine. Basi hadithi ya muziki wetu iliruka jukwaa la namna hiyo, ikatua kwenye filamu.

Filamu hiyo ni "La vie est belle" ya mwaka 1987. Mmoja wa waongozaji wake wawili ni mtoto wa kwetu Kivu, Mweze Ngangura, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1950. Mwenzake ni Mbelgiji, Benoît Lamy. Mwigizaji mkuu ni Papa Wemba, yule tuliyempoteza tarehe 24 Aprili 2016 alipoanguka jukwaani Abidjan akiwa anaimba.

Papa Wemba anaitwa Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta jina. Jiji halimpokei kama msanii. Anakuwa boyi katika nyumba ya tajiri Nvouandou, mwenye klabu ya muziki. Anampenda msichana aitwaye Kabibi. Lakini tajiri ana aibu yake ya siri: nguvu za kiume zimemwacha. Mganga anamwambia aoe msichana ambaye hajaguswa, na asimkaribie mpaka muda fulani upite. Msichana anayepatikana ni Kabibi. Boyi anajikuta anafanya kazi katika nyumba ambayo bibi arusi wake ni yule anayemtamani. Mke wa kwanza naye hakukubali kukaa kimya, na wamama mtakaoitazama mtacheka pale mpaka machozi.

Hapa kuna tofauti moja na Tommy ambayo ni vizuri kuijua, kwa sababu itawasaidia kutambua filamu yoyote ya muziki. Katika Tommy, kuimba ndiyo lugha ya watu wote. Mama anaimba akiwa na hasira, daktari anaimba akimpima mtoto, na hakuna anayeshangaa. Katika "La vie est belle", watu wanazungumza kama sisi, na Kourou anaimba kwa sababu ni mwanamuziki. Wimbo una sababu yake ndani ya hadithi: kuna klabu, kuna bendi, kuna kazi anayoitafuta.

Ngangura na Lamy walipata faida kubwa kwa njia hiyo. Mtazamaji haulizi kwa nini mtu ameanza kuimba barabarani. Lakini kuna bei. Kwa kuwa ni kazi ya Kourou kuimba, Kabibi na yule mke wa kwanza hawana nafasi ya kuimba yaliyo moyoni kama mama wa Tommy anavyofanya. Tunayajua kwa maneno na vitendo vyao. Wimbo wa filamu ni wa mwanamume mwenye bendi, ingawa wanaobeba uzito wa hadithi ni wanawake wawili ambao hawakuulizwa. Mkiwa na nafasi ya kuiona, itazameni kwa jicho hilo.

Sarafina alipompata mama yake

Mfano wa mwisho wengi mnaujua kutoka kwenye video za mtaani, yaani "Sarafina!". Huu haukuanza kama sahani. Mbongeni Ngema, pamoja na mpiga tarumbeta Hugh Masekela, aliutengeneza kuwa mchezo wa nyimbo mjini Johannesburg mwaka 1987. Mwaka uleule ulifika New York, na mwaka 1988 ukaingia Broadway.

Jukwaani karibu watu wote ni wanafunzi wa shule moja ya Soweto. Wanatayarisha sherehe ya shule, na kupitia sherehe hiyo wanasimulia mateso yao na kuota siku ambayo Mandela atatoka gerezani. Wakati ule Mandela alikuwa bado amefungwa. Risasi na mabomu vilisimuliwa na kuchezwa na vijana walewale, kwa miguu yao na sauti zao. Mtoto yuleyule anaweza kuwa mwanafunzi dakika hii na askari dakika inayofuata, na hakuna anayemchukia yeye, kwa sababu wote wanajua anaigiza.

Filamu ilitoka mwaka 1992, ikiwa imepigwa Soweto kwenyewe, baada ya Mandela kutoka. Leleti Khumalo, Sarafina wa jukwaani, ndiye Sarafina wa filamu pia. Lakini sasa askari ni askari kweli kwa macho yetu, moto ni moto, na yule polisi mweusi anayechomwa na wanafunzi anachomwa mbele yetu. Tunawaambia wazi kama walimu: msiwaweke watoto wadogo mbele ya sehemu hiyo, na wakubwa wakiitazama, kaeni nao. Tulipoionyesha kwa wanafunzi wa darasa la juu, swali la kwanza halikuwa juu ya nyimbo. Mvulana mmoja aliuliza kama wale wanafunzi walifanya vizuri. Somo lote la siku ile likawa hilo.

Lakini filamu iliongeza kitu kingine, nacho ndicho kinachotuhusu zaidi. Ilimpa nafasi mama yake Sarafina, na nafasi hiyo ilichezwa na Miriam Makeba. Mama huyo ni mfanyakazi wa nyumbani katika nyumba ya Wazungu. Msichana anamwonea aibu. Anaona mama anapiga magoti na kusema ndiyo kwa kila jambo, wakati watoto wanakufa barabarani. Baada ya kufungwa na kuteswa, Sarafina anakwenda kumwona mama yake kazini, na hapo anaelewa ushujaa wa mwanamke aliyenyamaza ili watoto wale. Tukio hilo halina risasi hata moja, ni wanawake wawili tu katika ua wa nyumba ya watu. Kamera iliweza kumfuata mama mpaka pale anapofanya kazi, na ilipomfuata, yule aliyeonekana mwoga akapata haki ya kueleweka.

Tunarudi kwenye mlango

Sasa mnaona kwa nini tuliwazungusha hivyo. Wimbo wetu uliacha mlango mmoja bila kusema nani alipita mbele yake. Tulipoweka miili na kanga jukwaani, tulilazimika kuchagua kama Ken Russell, na hatukuwa na haki ya kuchagua haraka kama yeye, kwa maana watu wa hadithi yetu wanachota maji kisima kimoja na sisi.

Tulirudi kwa kikundi na kuweka njia tatu mezani. Ya kwanza ni kuacha mchezo na kubaki na wimbo, ambao haujawahi kumwumiza mtu. Ya pili ni njia ya jukwaa la Sarafina: watoto wa shule wacheze watu wote, kila mmoja abadilishane, ili anayepita mlangoni leo awe mzee aliyebaki kesho, na hakuna mtaa utakaosema huyu ni fulani. Ya tatu ni ile ya filamu, yaani kumpa yule aliyepita mlangoni wimbo wake mwenyewe. Aimbe alichokuwa amebeba mgongoni, maji yalikuwa yamefika wapi mwilini mwake, na kama alisikia sauti nyuma yake au hakusikia.

Mjadala ulikuwa mrefu. Wengine waliona njia ya tatu ni kama kufungua kesi ambayo Mungu alikwisha kuifunga. Wengine walisema kesi hiyo haijawahi kufungwa, imekaa tu kimya kama yule mtoto wa Tommy aliyeambiwa kwamba hakuona kitu.

Tulikubaliana jambo moja: hatutaandika hata mstari mmoja wa wimbo huo bila yule mama aliyeondoka na ndoo yake. Wawili kati yetu walimtembelea nyumbani kwake. Aliwapa viti, akawapa chai, akasikiliza yote bila kujibu. Walipokuwa wakiondoka, aliwaambia kwamba ubeti wa tatu tunauimba vibaya tangu mwanzo, kwa sababu yule mzee hakuwa amelala. Alikuwa amesimama dirishani na taa, akimwambia yeye akimbie na mtoto.

Jumamosi hii saa tisa tunakutana tena kwa mazoezi. Amesema atakuja.